Shajara ya bajeti ya magari ya wagonjwa: msamaha wa malipo unakaa kasma gani?

Wiki ya 1. Tunahesabu nini

Nimepewa kazi ya kuandika bajeti ya mwaka ya magari ya wagonjwa ya wilaya: magari 2 yanayokaa zamu usiku na mchana, na la 3 la akiba. Bajeti za miaka iliyopita zipo kabatini, na zote zina sura moja. Kuna mishahara, kuna mafuta, kuna matengenezo, kisha chini kabisa kuna sentensi isiyo na tarakimu hata moja: "Wagonjwa wasio na uwezo watasamehewa malipo." Haina kasma, yaani fungu lake la bajeti: haisemi ni kiasi gani, wala nani atalipa badala yao. Ikifika robo ya tatu ya mwaka mafuta yanakwisha, na kikao kinaitishwa kujadili mafuta.

Nashuku kwamba ile sentensi na yale mafuta yaliyokwisha ni jambo moja. Ndilo ninalotaka kulithibitisha kwa hesabu.

Sitatumia sarafu yoyote, kwa sababu bei za mahali pamoja hazimsaidii msomaji wa mahali pengine na zinazeeka upesi. Nimeweka kizio: kizio 1 ni bei ya lita 1 ya dizeli siku tulipofungua faili. Nikisema mtumishi anagharimu vizio 400 kwa mwezi, ni fedha ambayo siku hiyo ingenunua lita 400. Dizeli ikipanda baadaye, lita itakuwa vizio 1.2 au 1.3, na tutaona mara moja ni wapi panapouma. Anayetaka kuitumia hesabu hii aweke bei zake mahali pa zangu. Mpangilio ndio wenye faida.

Makadirio ya kuanzia ni safari 1,500 kwa mwaka kwa magari yote, kila safari wastani wa kilomita 80. Hizo 80 zina vipande vitatu: gari linatoka kituoni likiwa tupu kumfuata mgonjwa, linampeleka hospitali, kisha linarudi kituoni likiwa tupu tena. Rasimu nyingi nilizowahi kuona zinahesabu kipande cha katikati peke yake, kwa kuwa ndicho kinachoandikwa kwenye fomu ya mgonjwa. Dizeli haijui kama kitanda kina mtu au hakina.

Wiki ya 2. Watu wa zamu

Hapa ndipo fedha nyingi zilipo, na ndipo kamati ilipoanza kubisha.

Gari moja la zamu lina viti viwili ambavyo lazima viwe na mtu: cha dereva, na cha mhudumu anayekaa nyuma na mgonjwa. Swali ni watu wangapi wanahitajika ili kiti kimoja kisikae kitupu mwaka mzima. Wajumbe walisema watatu, kwa hoja kwamba siku ina zamu tatu za saa nane nane. Hesabu hiyo ingekuwa sawa kama binadamu asingeugua, asingekwenda likizo wala kupumzika mwisho wa wiki.

Mwaka una saa 8,760. Mtumishi wa saa 40 kwa wiki anadaiwa saa 2,080. Ondoa likizo ya wiki nne, ondoa sikukuu, ondoa siku chache za ugonjwa na za mafunzo ya kurudia huduma ya kwanza, zinabaki kama saa 1,750 ambazo kweli atakuwa kazini. Gawanya 8,760 kwa 1,750, unapata watu 5 kwa kiti kimoja. Viti ni vinne kwa magari mawili, kwa hiyo watu ni 20.

Kamati ilikuwa imeandika 12. Watu 12 wanatoa saa 21,000, na viti vinahitaji saa 35,040. Asilimia 40 ya saa za mwaka hazina mtu. Saa hizo hazipotei hewani. Zitajitokeza kwa moja ya njia tatu. Ama ni malipo ya saa za ziada ambayo hayakuwekwa kwenye bajeti, ama ni dereva aliyemaliza zamu ya mchana akiombwa aunganishe na usiku, ama ni gari lililoegeshwa likiwa zima na funguo ziko mezani. Njia ya pili ndiyo ya hatari kuliko zote, na ndiyo inayotumika zaidi, maana haionekani kwenye vitabu vya mhasibu. Utaiona kwenye kitabu cha zamu ukitafuta jina lilelile likirudi ndani ya saa 24.

Mjumbe mmoja alitoa wazo zuri: gari moja likae saa 24 na la pili saa 12 za mchana tu. Watu wangeshuka hadi 15. Sikulikataa, ila nimeliweka pembeni mpaka tupate mgawanyo wa simu kwa saa. Wagonjwa wengi wa mchana ni wa kuhamishwa kutoka kituo kimoja kwenda kingine, na hao mara nyingi wanaweza kusubiri kidogo. Wa usiku ni wachache, lakini miongoni mwao wamo wajawazito wanaotoka damu. Ukihesabu safari peke yake usiku utaonekana mtupu.

Gharama ya mtumishi mmoja, pamoja na mchango wa hifadhi ya jamii na posho ya usiku, nimeiweka vizio 5,000 kwa mwaka. Watu 20 ni vizio 100,000.

Pendekezo moja nimelikataa kabisa: posho kwa kila safari. Linavutia kwa sababu linaonekana kumlipa anayefanya kazi. Kwa vitendo linazaa rufaa zisizo na sababu, na linamfanya mhudumu aone mgonjwa wa mbali ni bora kuliko wa karibu. Posho iwe ya zamu, gari litoke au lisitoke. Tunamlipa awe tayari.

Wiki ya 4. Dizeli

Kilomita 120,000 kwa lita 15 kwa kila kilomita 100 ni lita 18,000. Hiyo ni ya gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, lenye mzigo, kwenye barabara ambayo nusu yake ni ya changarawe. Kijitabu cha mtengenezaji kitakuambia kiasi kidogo kuliko hicho, lakini kijitabu hakijawahi kupita kwenye tope.

Juu yake naongeza kitu kinachosahaulika: injini inayonguruma gari likiwa limesimama. Mgonjwa anapakiwa, hewa safi inahitajika, mashine ya kunyonya makohozi inachaji, karatasi za rufaa zinaandikwa. Dakika 40 kwa kila safari ni saa 1,000 kwa mwaka, na kwa lita 1.2 kwa saa tunapata lita 1,200. Jumla ni lita 19,200, yaani vizio 19,200.

Udhibiti tunaoutaka ni mmoja tu: kila gari lijazwe mpaka pomoni, na papo hapo iandikwe odomita na idadi ya lita. Ukijaza nusu nusu huwezi kujua gari linakula kiasi gani. Ukijaza kamili kila mara, lita za leo ndizo zilizochomwa tangu ujazo uliopita, na zile kilomita katikati zinakupa ulaji. Kila gari lina ulaji wake unaocheza ndani ya mipaka finyu. Likiruka ghafla kutoka 15 hadi 20, ama nozeli za injini zimechoka, breki zinakamata, au mtu anafyonza tangi.

Mjanja hatagusa ulaji. Ataongeza kilomita za uongo ili uwiano ubaki mzuri. Ndiyo maana kilomita za kitabu cha safari tunazilinganisha na umbali unaojulikana wa kila kituo cha afya: kwenda Kituo A na kurudi ni 64, basi safari ya 90 iwe na maelezo. Na odomita ikiharibika ni dharura ya kihasibu. Gari lisitoke kwa zaidi ya siku chache bila kutengenezwa, maana kuanzia hapo kila lita ni hadithi.

Wiki ya 5. Karakana

Hii niliimaliza haraka kwa msaada wa fundi mkuu, mtu wa maneno machache. Sevisi kila kilomita 5,000, tairi seti moja kwa kila kilomita 30,000 kwa barabara zetu, halafu pedi za breki, shokabsoba, bushi, klachi na betri. Vizio 12,000 kwa mwaka, na karibu yote yanafuata kilomita. Vifaa vya ndani vina fungu lake dogo la vizio 2,300, kwa sababu machela yenye gurudumu lililokwama inaweza kuliweka gari nje ya kazi sawasawa na injini mbovu. Bima, simu, sare, ufuaji na mafunzo ni 6,000. Glovu, oksijeni, bandeji na dawa za kusafishia, 4,500.

Fundi alisisitiza jambo moja, nami naliandika kama alivyolisema: "Mkiniondolea gari la akiba, mmeniondolea sevisi." Bila la 3 hakuna siku ambayo gari la zamu linaweza kuingia karakana bila kuacha pengo, kwa hiyo sevisi inaahirishwa hadi gari lijiingize lenyewe kwa kuvutwa. Kwenye orodha ya kamati gari hilo lilikuwa limeandikwa "halitumiki".

Mwisho ni akiba ya kununua magari mapya. Gari moja lililokamilika na vifaa ni vizio 48,000. Linafanya kazi miaka sita, kilomita kama 240,000. Matatu ni 24,000 kwa mwaka. Magari yetu mawili yalitolewa na wafadhili, na hoja iliyotolewa kikaoni ni kwamba hatuhitaji kuweka akiba kwa kitu tulichopewa bure. Lakini mwaka wa saba hakuna ahadi ya mfadhili. Nimeiacha 24,000 ndani.

Wiki ya 6. Jumla, na mgawanyo ulionishangaza

Jumla ni vizio 168,000. Kwa safari 1,500, safari moja inagharimu 112.

Tarakimu hiyo ilipofika kikaoni, mtu alisema mara moja: basi ada iwe 112, na maskini wasamehewe. Hapo ndipo bajeti nyingi zinapopotea njia. Nilirudi mezani nikauliza swali jingine: safari moja ya ziada, ambayo jana haikuwapo, inaiongezea wilaya gharama gani?

Mishahara haiongezeki, watu wale wale walikuwa wamekaa kituoni. Bima haiongezeki. Akiba ya magari inaguswa kidogo sana, nimeiacha upande wa vitu visivyosogea. Kinachoongezeka ni dizeli, matengenezo yanayofuata kilomita, na vifaa vya matumizi: 19,200 na 12,000 na 4,500. Jumla 35,700, ambayo kwa safari 1,500 ni 23.8. Tuseme 24.

Kwa hiyo kuna gharama mbili zenye tabia tofauti. Ya kwanza ni ya kuwa tayari, vizio 132,300, na inalipwa hata kama hakuna simu inayolia. Ya pili ni ya kwenda, vizio 24 kwa safari. Ukimtoza mgonjwa 112 unamdai alipie usiku ambao wengine hawakuugua. Na ukitoza hivyo, baadhi wataacha kupiga simu na kutafuta pikipiki. Safari zitapungua hadi labda 1,000, wakati gharama ya kuwa tayari imesimama palepale. Safari moja sasa itagharimu 156, mtapandisha ada, na watapungua tena.

Pendekezo langu likawa hili: kuwa tayari kulipwe na wilaya kama inavyolipia zimamoto, yaani kwa kuwapo. Kwenda kulipwe kwa ada, na kwa asiyeweza, kulipwe na Mfuko wa Msamaha wenye kasma yake na tarakimu yake.

Halafu nikahesabu Mfuko. Tukichukulia safari 750 ni za wanaolipa kamili au bima zao zinalipa, 300 za wanaolipa nusu, na 450 za wasiolipa kabisa, Mfuko unahitaji 300 mara 12 na 450 mara 24. Ni vizio 14,400, chini ya sehemu 9 kati ya 100 za bajeti nzima. Kamati ilikuwa ikiuogopa msamaha kama mzigo usiobebeka, kumbe walikuwa wanaukuza kwa kuupima kwa 112.

Ila tazama upande wa pili. Ule msamaha wa zamani usio na kasma ulikuwa ukilipwa na nani? Mishahara inatoka hazina moja kwa moja, haiguswi. Bima ililipwa mwanzo wa mwaka. Fedha zinazoshikwa mkononi mwezi hadi mwezi, na kutegemea makusanyo ya ada, ni za karakana na za dizeli tu. Pengo la 14,400 linaangukia hapo. Ni robo tatu ya mafuta ya mwaka mzima. Kwanza huliwa sevisi, kwa kuwa gari lisilobadilishwa oili bado linawaka kesho. Zikiisha sevisi za kuahirisha, linaguswa tangi. Ndipo ndugu wa mgonjwa anapoambiwa usiku wa manane: gari lipo, dereva yupo, changieni mafuta.

Yaani asiye na uwezo alisamehewa kwenye karatasi, akatozwa getini, na zaidi ya anayeweza, kwa sababu mafuta ya ghafla hayana stakabadhi.

Wiki ya 8. Nani anasamehewa, na nani anayesema

Kanuni ya kwanza tumekubaliana bila ugomvi: wahudumu wa gari hawagusi fedha na hawaulizi habari za fedha. Wanaandika jina, kituo, kilomita na muda. Ankara inaandikwa ofisini baadaye, mgonjwa akishapokelewa.

Kuna makundi yanayosamehewa bila kuulizwa chochote: mama mwenye dharura ya uzazi, mtoto mchanga, na mtu asiyejulikana aliyeokotwa barabarani. Kwa hao gharama ya kuchunguza uwezo ni kubwa kuliko unachookoa. Wengine wanapita kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, mwenye fomu ya ukurasa mmoja. Anauliza vitu vinavyoonekana na kuthibitishwa: kama kaya tayari iko kwenye orodha ya msaada wa serikali, nani anategemewa, kama mgonjwa ndiye mtafutaji wa riziki. Maamuzi ni matatu tu: msamaha kamili, msamaha nusu, hakuna msamaha.

Mjadala mrefu ulikuwa juu ya deni. Mtu aliyepewa ankara akaondoka bila kulipa si sawa na aliyesamehewa, na wahasibu wetu walikuwa wakiwachanganya kwenye safu moja mwisho wa mwaka. Ukiwachanganya huwezi kujua kama Mfuko ni mdogo au ukusanyaji ni mbovu, na tiba za magonjwa hayo mawili hazifanani. Madeni yasiyokusanyika tumeyapa fungu lake, kwa dhana kwamba mmoja kati ya watano wa wanaopaswa kulipa hatalipa.

Dalili za kuvuja tunazifuatilia mbili. Ya kwanza ni uwiano wa misamaha kwa kila ofisa: mmoja akisamehe karibu wote na mwenzake wa zamu nyingine asisamehe hata mmoja, tatizo liko kwao, haliko kwa wagonjwa. Ya pili ni simu. Mtu asiye wa idara ya usafirishaji anawapigia wagonjwa wachache kila mwezi na kuuliza swali moja, "Kuna mtu yeyote aliyekuomba fedha siku ile?" Kwenye vitabu hutalipata jibu hilo kamwe.

Wiki ya 9. Umbali unabadilisha hesabu

Wastani wa 24 unaficha kitu. Nilitenganisha gharama inayofuata kilomita na ile inayofuata safari yenyewe. Dizeli ya mwendo na karakana ni 30,000 kwa kilomita 120,000, yaani 0.25 kwa kilomita. Dizeli ya kusimama na vifaa vya matumizi ni 5,700 kwa safari 1,500, yaani 3.8. Kwenye lahajedwali, kilomita zikiwa safu ya C:

```
=3.8 + 0.25*C2
```

Safari ya kilomita 20 inagharimu 8.8. Ya 80 ni 23.8, ile tuliyoijua. Ya 200 ni 53.8.

Sasa, wasio na uwezo wanaishi wapi? Si wote, lakini wengi wako mwisho wa barabara. Nimekadiria safari 450 za msamaha kamili ziwe na wastani wa kilomita 120, ambazo ni vizio 33.8 kila moja. Mfuko ukilipa 24 tu, kila mgonjwa wa mbali analetwa kwa hasara ya karibu vizio 10. Mwaka wa kwanza hasara hiyo inafichwa na wagonjwa wa karibu wanaolipa 24 kwa safari ya bei ndogo. Lakini watu wakishaamini kwamba msamaha ni wa kweli, simu mpya zitatoka huko huko mbali. Ziongezeke 150 na Mfuko ulipe kwa bei moja, pengo jipya ni karibu 1,500, nalo litarudi kwenye tangi.

Kutoza kwa kilomita kungesawazisha vitabu na kumwadhibu mtu kwa mahali alipozaliwa. Kwa hiyo tumetenganisha: mgonjwa anayelipa anatozwa bei moja popote anapotoka, na Mfuko unalipa msamaha kamili kwa kilomita halisi. Kwa kuwa Mfuko sasa unabeba umbali, ada ya kawaida inaweza kushuka hadi 20. Mfuko unakuwa 15,210 kwa wasiolipa kabisa na 3,000 kwa nusu nyingine ya wale 300, jumla kama 18,200. Ada na Mfuko kwa pamoja vinafika 36,210 dhidi ya mahitaji ya 35,700, kabla ya fungu la madeni. Ni chembamba, lakini kinasimama.

Faida nyingine sikuitegemea. Mfuko ukilipa kwa kilomita, unahitaji kitabu cha safari kilichojazwa vizuri ndipo ulipe. Kituo kizembe hakipati fedha. Udhibiti wa dizeli tuliokuwa tukiusukuma kwa barua sasa una mtu anayeutaka kwa faida yake.

Wiki ya 11. Dizeli ikipanda

Nimejaribu bei ya lita ikipanda robo. Gharama ya dizeli inaongezeka 4,800, na kwa bajeti nzima ni chini ya asilimia 3. Ndiyo sababu watu wa hazina huliona jambo dogo. Kwa upande wa kwenda peke yake ni zaidi ya asilimia 13, na upande huo ndio unaotegemea ada na Mfuko. Kwa hiyo tumeandika kifungu kinachosema 0.25 ipitiwe upya kila robo ya mwaka kwa bei ya pampu. Ada ya 20 haitapanda na kushuka hivyo, watu hawataielewa. Tofauti ya robo hadi robo inabebwa na Mfuko, na ada inapitiwa mara moja kwa mwaka.

Wiki ya 12. Kamati

Imepita, kwa masharti mawili. Gari la akiba limebaki. Akiba ya magari mapya imekatwa nusu, na nimeomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba kwa kiasi hicho gari la kwanza litakalochakaa halitakuwa na mrithi wa uhakika. Watumishi 20 wamekubaliwa, ila wanne wa mwisho wataajiriwa nusu ya pili ya mwaka. Hadi hapo kuna kasma ya saa za ziada na marufuku ya zamu mbili mfululizo.

Lililobaki ni ratiba ya Mfuko kutoa fedha. Hazina inataka kurejesha baada ya madai, kila baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu ya msamaha ni kama vizio 4,500, na kituo hakina pa kuzitoa isipokuwa dizeli, jambo ambalo lingeturudisha kulekule. Tunaomba robo ya kwanza itangulie, kisha madai yaijaze tena inavyopungua.

Na kuna rufaa zinazotoka nje ya wilaya, kwenda hospitali kubwa iliyo kilomita 200. Kwenda na kurudi ni 400, vizio 103.8 kwa safari, na gari halipo kituoni karibu siku nzima, kwa hiyo la akiba lazima liwe na watu. Sijaziweka kwenye zile 1,500. Safari 50 za aina hiyo ni vizio 5,190 ambavyo wilaya inasema ni vya hospitali kubwa, na hospitali kubwa inasema ni vya wilaya. Kikao cha pande zote mbili kimepangwa wiki ijayo. Ninapeleka fomula ya wiki ya 9 na kitabu cha rufaa cha mwaka uliopita.